GB, Yo na FM: Akaunti Huibwa Siku ya Kusajili

Matoleo ya WhatsApp yaliyochakachuliwa, ambayo watu huyaita kwa majina mafupi ya GB, FM, Yo au Plus, hutengenezwa na watu wasio na uhusiano wowote na kampuni inayomiliki WhatsApp. Mtengenezaji huchukua programu halisi, huifungua, hubadilisha vipande ndani yake, kisha huifunga upya na kuisambaza kama faili la APK. Faili hilo halipiti Google Play. Hupatikana kwenye tovuti zenye matangazo mengi, kwenye chaneli za Telegram, au hurushwa kutoka simu moja hadi nyingine kwa Xender pale mtu anapotaka kuokoa bando. Ahadi zake ni zilezile miaka yote: kuficha tiki za buluu, kusoma ujumbe uliofutwa na mtumaji, kutazama stetasi bila jina la mtazamaji kuonekana, kutumia namba mbili kwenye simu moja.

Rai iliyoenea miongoni mwa watumiaji inasema kwamba matoleo haya ni WhatsApp ileile yenye nyongeza. Hoja zinazotolewa kuitetea ni tatu. Ya kwanza ni uzoefu: fulani ameitumia GB miaka minne na hajaibiwa kitu. Ya pili inadai kwamba ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji fiche tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, kwa hiyo hakuna wa katikati anayeweza kuusoma. Ya tatu ni tuhuma, kwamba kampuni inapiga vita matoleo haya kwa wivu wa biashara, na maonyo yake ni vitisho vya kumrudisha mteja. Hoja zote tatu zinaanguka kwa sababu moja. Zinachukulia kwamba wizi wa akaunti hutokea baadaye, kwa tukio ambalo mwenye simu ataliona, ilhali mali inayoibwa hukabidhiwa dakika ileile programu inapowashwa kwa mara ya kwanza.

Ili kuliona hilo, inabidi kufuatilia usajili wenyewe. Mtumiaji huandika namba yake ya simu. Seva ya WhatsApp hutuma SMS yenye msimbo wa tarakimu 6. Msimbo ukishaingizwa, seva na programu hukubaliana funguo ambazo kuanzia hapo ndizo zitakazoitambulisha akaunti. Msimbo wa SMS umemaliza kazi yake na hautaulizwa tena. Kila ujumbe unaotumwa baada ya hapo hukubaliwa kwa sababu programu inazo funguo hizo, ambazo zimehifadhiwa ndani ya eneo lake yenyewe kwenye simu. Android imejengwa hivi kwamba programu moja haiwezi kuchungulia eneo la nyingine. Mchezo wa kawaida au tochi haviwezi kuzifikia funguo za WhatsApp. Lakini toleo lililochakachuliwa halihitaji kuchungulia popote. Lenyewe ndilo lililofanya usajili na lenyewe ndilo mtunza funguo. Likitaka kuzituma kwa mtu mwingine, hakuna ukuta wowote wa simu wa kulizuia.

Jambo hili limeshatokea na limechunguzwa hatua kwa hatua. Oktoba 2022 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilichapisha uchambuzi wa YoWhatsApp, toleo namba 2.22.11.75. Programu hiyo ilifanya kazi vizuri kabisa: ilituma ujumbe, ilipiga simu, ilibadili rangi na maandishi kama ilivyoahidi. Ndani yake kulikuwa na kipande cha ziada kilichozichukua funguo za akaunti na kuzipeleka kwenye seva ya wasambazaji. Kaspersky ilieleza kwamba funguo za aina hiyo hutumika katika zana huria zinazomwezesha mtu kuingia kwenye akaunti bila hata kuwa na programu ya WhatsApp. Mwizi hakuhitaji kumpigia mtu simu na kumbembeleza ataje msimbo, kama wafanyavyo matapeli wa kawaida. Mwenye akaunti hakuona SMS ngeni wala programu kuzima ghafla.

Namna toleo hilo lilivyosambazwa nayo inastahili kuangaliwa, kwa kuwa inajibu wanaosema kwamba wanaoibiwa ni wazembe wanaopakua vitu gizani. Toleo hilo lilitangazwa ndani ya Snaptube, programu inayotumiwa na watu wengi kupakua video na muziki. Nakala nyingine yenye kipande hichohicho, kwa jina la WhatsApp Plus, iliwekwa ndani ya duka la Vidmate. Kaspersky iliitaarifu Snaptube juu ya jambo hilo. Wenye programu iliyobeba tangazo huenda hawakujua walichokuwa wanakitangaza, na ikiwa wao hawakujua, aliyebonyeza tangazo hilo asingeweza kujua kwa kulitazama tu.

Hoja ya uzoefu sasa inaweza kupimwa. Anayesema ametumia GB miaka minne bila kuibiwa anachojua kwa hakika ni kwamba hajaona dalili. Nakala ya ufunguo haipunguzi ufunguo wa asili. Akaunti huendelea kufanya kazi mikononi mwa mwenyewe huku funguo zake zikikaa kwenye orodha ya mtu asiyemjua, zikisubiri kutumiwa au kuuzwa. Na hata kama toleo la jana lilikuwa safi kweli, la leo ni faili lingine. Hakuna GB moja. Jina hilo halina mwenyewe anayetambulika. Tovuti kadhaa hudai kuwa ndiyo rasmi, kila moja na faili lake, na yeyote anaweza kulichukua faili la mwenzake, akaongeza kipande chake na kulirudisha mtandaoni kwa jina lilelile. Usalama wa rafiki aliyepakua mwaka jana hauthibitishi lolote kuhusu faili lililopakuliwa asubuhi hii.

Ukubwa wa hasara ulionekana mahakamani. Oktoba 2022 WhatsApp na kampuni mama yake, Meta, zilifungua kesi huko California dhidi ya makampuni yaliyoendesha biashara kwa majina ya HeyMods, Highlight Mobi na HeyWhatsApp. Madai yalikuwa kwamba programu zao ziliwashawishi watu kuingiza taarifa za akaunti zao, zikazitwaa, na kwamba akaunti zaidi ya milioni 1 ziliingiliwa, kisha zikatumika kusambaza ujumbe wa matangazo yasiyoombwa. Miezi michache kabla, Julai mwaka huohuo, mkuu wa WhatsApp, Will Cathcart, alikuwa ameonya hadharani juu ya programu ya HeyWhatsApp ya watengenezaji hao.

Kwa Afrika Mashariki hasara haiishii kwenye matangazo. Namba ya WhatsApp hapa ndiyo kitambulisho cha mtu katika mambo ya fedha. Mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa huandika kwenye kundi kwamba wiki hii marejesho yatumwe kwenye namba fulani kwa kuwa laini yake ya kawaida ina tatizo. Wanachama wanaona jina lake, picha yake, na mazungumzo ya siku zote juu ya ujumbe huo; hawana sababu ya kupiga simu kuhakikisha. Mwizi mwenye funguo huandika kutoka ndani ya akaunti halisi, si kwa namba ngeni iliyobandikwa picha ya kuibwa. Kwa hiyo mtumiaji wa GB anapojitetea kwamba yeye hana cha kuibiwa, anawasahau watu wote waliolihifadhi jina lake kwenye simu zao.

Hoja ya pili, ya usimbaji fiche, ina ukweli ndani yake uliowekwa mahali pasipo pake. Ni kweli kwamba ujumbe unaposafiri, si kampuni ya simu wala seva ya WhatsApp inayoweza kuusoma. Lakini usimbaji huanzia na kuishia ndani ya programu. Maneno huandikwa yakiwa wazi, programu huyafunga ndipo yatoke. Yakifika, programu ya mpokeaji huyafungua ili yasomeke. Programu iliyochakachuliwa haikai katikati ya njia, imekaa kwenye ncha, mahali ambapo kila kitu kiko wazi. Novemba 2023 Kaspersky ilieleza kuhusu matoleo ya WhatsApp yaliyobeba kipande cha upelelezi ilichokiita CanesSpy, yaliyosambazwa zaidi kwa chaneli za Telegram za Kiarabu na Kiazabaijani. Kipande hicho kilikusanya majina ya waliohifadhiwa kwenye simu na taarifa za akaunti, na kiliweza kuamriwa kutuma mafaili au kurekodi sauti kwa maikrofoni. Usimbaji fiche haukuvunjwa hata kidogo. Haukuhitaji kuvunjwa.

Kuna pia ruhusa. WhatsApp huomba kufikia kamera, maikrofoni, majina, picha, na mtu huruhusu kwa mazoea. Agosti 2021 iligundulika kwamba toleo la FMWhatsApp 16.80.0 lilikuwa limebeba programu hasidi iitwayo Triada, iliyoingia pamoja na kipande cha kuonyeshea matangazo. Triada ilipakua nyingine, na mojawapo iliweza kufungua ukurasa wa huduma za kulipia katika dirisha lisiloonekana, ikabonyeza kitufe cha kujiunga na kunasa msimbo wa uthibitisho. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu FMWhatsApp iliomba ruhusa ya kusoma SMS, na kila kilichomo ndani ya programu hurithi ruhusa za programu nzima. Salio linaloyeyuka bila mwenye laini kujua alijiunga na huduma gani linaweza kuwa na chanzo kama hiki. Na kwa kuwa SMS ndiyo njia ambayo huduma nyingi hutumia kutuma misimbo ya kuingilia, kuipa programu isiyo na mwenyewe ruhusa hiyo ni kuhatarisha akaunti nyingine nyingi kwa mara moja.

Inabaki hoja ya wivu wa biashara. Kampuni ina maslahi yake, hilo halina ubishi, na ilianza kuwafungia kwa muda watumiaji wa WhatsApp Plus tangu Januari 2015, kabla ya uchunguzi uliotajwa hapa kuchapishwa. Ila ushahidi wa YoWhatsApp, FMWhatsApp na CanesSpy haukuletwa na Meta. Uliletwa na wachunguzi wa nje waliofungua mafaili na kuonyesha kilichomo. Zaidi ya hapo, haja zilizowapeleka watu kwenye GB zilikuwa za kweli, na nyingi zimeshajibiwa na programu halisi. Kuficha hali ya kuwa mtandaoni kulitangazwa Agosti 2022. Kufunga mazungumzo na kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 kulikuja Mei 2023. Akaunti mbili kwenye simu moja ya Android, ambayo katika nchi za simu za laini mbili ilikuwa sababu kubwa kuliko zote, ilitangazwa Oktoba 2023. Tiki za buluu zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio ya faragha, ingawa anayezizima naye haoni za wenzake. Kilichobaki kuwa mali ya GB peke yake ni kusoma kilichofutwa na kuchungulia bila kujulikana, yaani kuwaondolea wengine faragha yao. Kwa manufaa hayo, bei ya funguo za akaunti ni kubwa mno.

Kama programu iliyochakachuliwa haiwezi kutambulika kwa jinsi inavyofanya kazi, itambulike kwa asili yake. Kila programu ya Android ina mambo mawili yanayoibainisha. La kwanza ni jina la kifurushi, ambalo halionekani kwenye skrini ya kawaida. La WhatsApp ni `com.whatsapp`, na la WhatsApp Business ni `com.whatsapp.w4b`. La pili ni sahihi ya kidijitali, inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri alio nao mtengenezaji peke yake. Mchakachuaji anaweza kunakili nembo, rangi, jina, hata jina la kifurushi, lakini hawezi kunakili sahihi, maana mara tu anapobadilisha chochote ndani ya faili, sahihi ya awali hubatilika na analazimika kuweka yake.

Hapo ndipo panapopatikana dalili iliyo wazi kuliko zote. Android hukataa kusakinisha faili juu ya programu iliyopo ikiwa majina ya vifurushi ni sawa na sahihi ni tofauti. Kwa sababu hiyo, matoleo yaliyobeba jina la `com.whatsapp` huja na maelekezo ya kufuta kwanza WhatsApp iliyopo. Toleo jipya la kweli halihitaji la zamani lifutwe kamwe. Hukaa juu yake na mazungumzo hubaki. Maelekezo ya kuzima Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu kwenye simu, yana maana hiyohiyo.

Simu ambayo tayari ina programu yenye nembo ya WhatsApp inaweza kupimwa bila zana yoyote. Fungua Google Play, utafute WhatsApp, uangalie ukurasa ambao chini ya jina la programu pameandikwa WhatsApp LLC. Ikiwa Play inatoa kitufe cha `Install` wakati nembo ya WhatsApp iko kwenye simu na inatumika kila siku, basi kilicho kwenye simu ni kitu kingine chenye jina tofauti la kifurushi. Ikionekana `Open` au `Update`, hatua moja imebaki, kwa sababu ya matoleo yanayotumia jina lilelile: ingia mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uichague WhatsApp na ushuke hadi chini. Simu nyingi za Android huonyesha hapo programu ilisakinishwa kutoka wapi. Ikiwa palipotajwa si Google Play, wala mwenyewe hakumbuki kuipakua kutoka tovuti ya whatsapp.com, ambayo nayo hutoa faili halisi la APK, iondolewe.

Play nayo haitoshi ikitazamwa kwa haraka. Mojawapo ya programu zilizotajwa katika kesi ya HeyMods iliwahi kuwa ndani ya Google Play. Mwaka 2023 wachunguzi wa ESET walikuta huko Signal Plus Messenger, iliyojifanya Signal iliyoboreshwa na iliyoweza kuiunganisha kimyakimya simu ya mwenye akaunti na kifaa cha mpelelezi. Mwaka huohuo Kaspersky ilikuta matoleo ya Telegram yaliyoiba ujumbe, mojawapo likiwa na jina la kifurushi `org.telegram.messenger.wab` badala ya `org.telegram.messenger`. Zote ziliondolewa, lakini baada ya kupakuliwa. Kwa hiyo jina la mtengenezaji lisomwe herufi kwa herufi, na jina la kifurushi lisomwe kwenye anwani ya ukurasa wa Play, mwishoni, baada ya `id=`:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=com.whatsapp
```

Haki inadai pia kutenganisha. Telegram inaruhusu watu wengine kutengeneza programu zinazotumia mtandao wake, na msimbo wa Signal uko wazi kwa wote. Programu ya pembeni ya Telegram si lazima iwe ya wizi, ijapokuwa mzigo wa kumjua aliyeitengeneza unabaki kwa mtumiaji. Matoleo ya GB, Yo na FM hayana kibali cha namna hiyo kutoka WhatsApp.

Anayetaka kuhama ana jambo moja la kuhofia, nalo ni mazungumzo yake, kwani kumbukumbu zilizohifadhiwa na toleo lililochakachuliwa huenda zisikubaliwe na programu halisi. Kabla ya kufuta chochote, mazungumzo muhimu yatolewe moja moja kwa `Export chat`, na picha zinakiliwe kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Kisha toleo hilo lifutwe, programu halisi ipakuliwe, na namba isajiliwe upya kwa msimbo wa SMS. Usajili mpya humtoa yeyote aliyekuwa akitumia akaunti kwa funguo za zamani, hata kama aliweka namba ya siri ambayo mwenyewe haijui, ingawa katika hali hiyo huenda mwenye akaunti akalazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuingia. Baada ya kuingia, `Linked devices` ikaguliwe na kifaa kisichofahamika kiondolewe. Mwisho iwashwe `Two-step verification` kwa namba ya siri mpya ya tarakimu 6. Ile iliyowahi kuandikwa ndani ya GB isirudiwe hapa wala popote pengine, kwani ilishaonekana na programu isiyo na mwenyewe.